Jibu langu limegeuka ishara zote mbili, lakini nikilirudisha kwenye milinganyo linakubali. Kosa ni la njia au la swali?

Kijana_wa_Changanyikeni

Wakuu, habari za leo. Tupo kwenye kozi ya hesabu za kompyuta, tumepewa milinganyo miwili:

```
0.780x + 0.563y = 0.217
0.913x + 0.659y = 0.254
```

Sharti la zoezi ni kwamba kila hatua unabakiza desimali tatu, zinazozidi unazikata. Nikatumia njia ya Gauss ya kuondoa kisichojulikana, na nikaanza na mlinganyo wa pili kwa kuwa 0.913 ni kubwa kuliko 0.780, kama tulivyofundishwa. 0.780 ÷ 0.913 ni 0.854. Nikazidisha mlinganyo wa pili kwa 0.854, 0.659 ikawa 0.562 na 0.254 ikawa 0.216. Nikatoa: 0.563 − 0.562 = 0.001, na 0.217 − 0.216 = 0.001. Basi y = 1.000. Nikarudi kwenye mlinganyo wa pili, x = (0.254 − 0.659) ÷ 0.913 = −0.443.

Jibu halisi ni x = 1, y = −1. Yaani hata ishara nimezikosa zote mbili! Aliyesahihisha kaniandikia "njia mbovu". Lakini nikichukua jibu langu nikalirudisha kwenye milinganyo, upande wa kushoto unatoa 0.21746 na 0.254541. Tofauti haifiki hata 0.001. Sasa njia mbovu inawezaje kutoa jibu linalotimiza milinganyo kiasi hicho?

Zawadi_K

Jibu lako liko sawa mdogo wangu, komaa nao. Ukirudisha jibu na likatimiza milinganyo, hiyo ndiyo maana ya jibu. Na hilo sharti la desimali tatu ni la kizamani, weka kwenye kompyuta yenye tarakimu 16 utapata 1 na −1, mada imeisha.

KodiMtaani

Hii ni ile ya mitandao ya neva? Kosa unalirudisha nyuma tabaka kwa tabaka, unarekebisha uzito. Kama ndiyo hiyo nina mfano mzuri nimeuandika, naweza kuuweka hapa.

FundiNamba

KodiMtaani, hapana, ile ni habari nyingine. Kule kosa linarudishwa ili kutafuta mteremko. Hapa tunauliza jambo moja tu: jibu nililopata, hata kama si la swali langu, ni jibu kamili la swali gani?

Kijana, fanya hivi kwa mkono. Chukua milinganyo yako, ibadilishe kidogo:

```
0.780x + 0.56277y = 0.21723
0.913x + 0.6587y  = 0.254241
```

Weka x = −0.443 na y = 1. Wa kwanza: −0.34554 + 0.56277 = 0.21723. Wa pili: −0.404459 + 0.6587 = 0.254241. Hakuna kilichobaki, ni sifuri tupu. Jibu lako ni jibu kamili la milinganyo hii.

Sasa angalia namba nilizogusa. 0.56277 ukiikadiria kwa desimali tatu inarudi kuwa 0.563. 0.6587 inarudi 0.659. 0.21723 inarudi 0.217 na 0.254241 inarudi 0.254. Mtu akikuandikia milinganyo hii kwenye karatasi ya desimali tatu, huwezi kuitofautisha na ile uliyopewa. Ukubwa wa mabadiliko hayo ndio tunauita kosa la nyuma. Tofauti kati ya −0.443 na 1 ndiyo kosa la mbele. La mbele kwako ni kubwa mno, la nyuma ni dogo kuliko hata uchafu wa kukata desimali uliolazimishwa kuutumia.

Aliyekuandikia "njia mbovu" kalaumu asiyehusika.

Kijana_wa_Changanyikeni

Daah. Kwa hiyo Zawadi_K yuko sahihi, jibu langu ni zuri?

FundiNamba

Nusu. Zawadi kasema mabaki madogo, yaani tofauti ndogo ya pande mbili ukirudisha jibu kwenye milinganyo, ndiyo maana ya jibu sahihi, na hilo si kweli. Mabaki madogo yanakuambia kosa la nyuma ni dogo, basi. Jibu lako lina mabaki madogo na liko mbali na 1 na −1. Hayo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi kwa sababu swali lenyewe ni jepesi kuyumba.

Tazama kitenganishi cha matriksi: 0.780 × 0.659 − 0.563 × 0.913 = 0.51402 − 0.514019 = 0.000001. Mistari miwili karibu imelaliana. Katika milinganyo yangu iliyobadilishwa, kitenganishi ni hasi, karibu −0.000023. Maana yake kati ya swali lako na langu, ndani ya desimali zilezile tatu, lipo swali ambalo kitenganishi chake ni sifuri kabisa na halina jibu moja. Hapo utegemee nini?

Kuna kipimo cha huko kuyumba, wengi wanakiita namba ya hali. Kwa matriksi yako unazidisha ukubwa wa matriksi kwa ukubwa wa kinyume chake. Ukubwa nikiupima kwa safumlalo yenye jumla kubwa kupita zote, bila kujali ishara, ni 1.572, na wa kinyume ni 1,693,000. Ukizidisha unapata kama milioni 2.66. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kosa la mbele, kwa makadirio, halizidi namba ya hali mara kosa la nyuma. Kosa lako la nyuma ni takriban 0.0003. Zidisha kwa milioni 2.66 unapata karibu 800. Yaani hakuna tarakimu hata moja uliyoahidiwa tangu mwanzo.

Zawadi_K

Sawa kuhusu mabaki nakubali. Lakini hoja yangu ya tarakimu 16 inasimama. Nimejaribu sasa hivi kwa `np.linalg.solve`, nimepata 1 na −1.

FundiNamba

Inasimama kwa sharti moja: kwamba 0.780 ni 0.780 kweli, na si kipimo. Kosa la nyuma kwenye kompyuta ni la kiwango cha 10^-16, zidisha kwa milioni 2.66 unapata kama 3 × 10^-10, kwa hiyo tarakimu tisa hivi zinabaki. Safi. Lakini kama 0.780 ilisomwa kwenye mita, na ukweli wake uko popote kati ya 0.7795 na 0.7805, tarakimu 16 zitakupa jibu linalong'aa la swali ambalo hakuna aliyekuuliza. Kosa la nyuma unalilinganisha na uhakika wa data. Likishakuwa dogo kuliko mashaka ya data, njia imemaliza kazi yake, na kuiongezea tarakimu ni kujifurahisha.

Bi_Mkufunzi_Nakuru

Wacha niulize hapo, maana wanafunzi wangu huniuliza hilo swali kila mwaka. Ukisema hivyo, si kila njia itapata kisingizio? Mtu atatoa jibu lolote la ajabu halafu aseme "swali lilikuwa gumu".

FundiNamba

Ndiyo maana lazima kosa la nyuma lipimwe, halidaiwi mdomoni. Na linapimika bila kujua jibu halisi, huo ndio utamu wake. Unachukua mabaki, unagawa kwa (ukubwa wa matriksi A × ukubwa wa jibu x + ukubwa wa upande wa kulia b). Kwa jibu la Kijana: mabaki makubwa ni 0.000541, chini ni 1.572 × 1 + 0.254 = 1.826, unapata 0.0003. Kanuni hii ni ya Rigal na Gaches, 1967. Inakupa mabadiliko madogo kabisa yanayotosha kulifanya jibu lako kuwa kamili, ukipima kwa ukubwa wa jumla wa matriksi.

Sasa nikuonyeshe njia mbovu yenyewe, kwenye swali tulivu, ili kisingizio kikose pa kujificha:

```python
import numpy as np
A = np.array([[1e-20, 1.0], [1.0, 1.0]])
b = np.array([1.0, 2.0])

m = A[1,0] / A[0,0]
y = (b[1] - m*b[0]) / (A[1,1] - m*A[0,1])
x = (b[0] - A[0,1]*y) / A[0,0]
print(x, y)                    # 0.0 1.0
print(np.linalg.solve(A, b))   # [1. 1.]
```

Hapa namba ya hali ni ndogo, haifiki hata 5. Jibu ni 1 na 1, ukitikisa data kidogo jibu nalo linatikisika kidogo. Lakini nimekataa kubadilishana safumlalo, nimegawa kwa 1e-20, kizidishi kikawa 10^20. Kwenye mstari wa pili kompyuta inafanya 1 − 10^20 na 2 − 10^20, na zote mbili zinatoka −10^20. Ile 1 na ile 2 zimemezwa. Jibu la 0 na 1 ni jibu kamili la mfumo ambao ile 1 ya kona imekuwa 0 na ile 2 ya upande wa kulia imekuwa 0. Hilo ni swali jingine kabisa.

Pima: mlinganyo wa pili unatoa 1 badala ya 2, mabaki ni 1. Chini ni 2 × 1 + 2 = 4. Kosa la nyuma ni 0.25. Kwenye mashine ya 10^-16! Hapo ndipo unaandika "njia mbovu" kwa kalamu nyekundu, wala huhitaji kujua kuwa jibu halisi ni 1 na 1.

Bi_Mkufunzi_Nakuru

Hiyo nimeipenda. Kwa hivyo njia inaitwa thabiti kwa nyuma ikiwa kwa kila data utakayoipa, si kwa mfano mmoja, jibu lake ni kamili kwa data iliyo karibu, na "karibu" ni kiwango cha ukadiriaji wa mashine. Lakini hapo kwa "kila data" nina neno, nitarudi.

MpimaArdhi_DSM

Nimesoma kimyakimya naona kama mnanisema mimi. Naomba msaada. Nina vituo kadhaa vyenye urefu uliopimwa kwa GPS na pia kwa levo, eneo halizidi kilomita mbili. Nataka uso wa digrii ya pili wa kunipa sahihisho la urefu popote ndani ya eneo. Kwa hiyo safuwima zangu ni 1, E, N, E², EN, N², nazitumia koordineti za UTM zone 37 kusini kama zilivyo, N ni kama 9,250,000 na E kama 530,000. Programu nimeiandika mwenyewe kwa mtindo tuliosoma chuoni, `X.T @ X` halafu unatatua. Sahihisho zinatoka za mita kadhaa, zinaruka kutoka kituo kimoja hadi kingine. Nimebadilisha kifaa, nimerudia kupima baadhi ya vituo, bado. Je, vipimo vyangu vibaya?

KodiMtaani

Pole kaka. Jaribu kupunguza digrii, sita ni vigezo vingi kwa vituo vichache.

FundiNamba

MpimaArdhi, acha kwanza kurudi uwandani. Kwako yamekaa mambo mawili pamoja, tuyatenganishe.

La kwanza ni la swali. Ndani ya kilomita mbili N inabadilika kwa mamia ya mita tu juu ya milioni 9.25. Safuwima ya N ni karibu safuwima ya 1 iliyozidishwa, na N² ni karibu mchanganyiko wa 1 na N. Hata ukisawazisha ukubwa wa safuwima, kwa makadirio ya haraka namba ya hali inafika kiwango cha 10^8. Huo ni usikivu wa vigezo vyako sita ulivyovichagua, hakuna njia itakayouondoa.

La pili ni la njia. Ukishatengeneza `X.T @ X`, namba ya hali ya hiyo matriksi mpya ni mraba wa ile ya X. 10^8 imekuwa 10^16. Ukadiriaji wa mashine ni 10^-16. Umebaki na nini? Hata mtatuzi aje na uthabiti wote wa dunia, amekabidhiwa swali ambalo wewe umeshaliharibu hatua moja kabla. Mtatuzi ni thabiti kwa nyuma kuhusu `X.T @ X`, lakini kazi nzima, kuanzia X, si thabiti, kwa sababu badiliko dogo ndani ya `X.T @ X` mara nyingi halitokani na badiliko dogo lolote la X.

Fanya jaribio la dakika tano. Badilisha mstari huo tu, tumia `np.linalg.lstsq(X, z, rcond=None)` ukiwa umegawa kila safuwima kwa ukubwa wake. Usiguse koordineti. Kama matokeo yanatulia, mkosaji alikuwa njia. Kisha toa wastani wa E na wa N kwenye kila kituo, gawa kwa 1000 upate kilomita, endesha tena kwa njia zote mbili. Zikikubaliana, utajua usikivu ulikuwa wa namna ulivyoliandika swali. Uso wenyewe wala haujali koordineti zinaanzia wapi, ni vigezo sita tu vilivyokuwa vinavutana kutoka ncha ya kusini.

Zawadi_K

Kutoka ncha ya kusini kivipi?

MpimaArdhi_DSM

UTM ya kusini ikweta inapewa N ya 10,000,000 na unahesabu kushuka. Kwa hiyo sifuri ya N iko mbali kweli, zaidi ya kilomita elfu tisa kutoka hapa. Kigezo cha 1 ni sahihisho la urefu huko, upande wa ncha ya kusini, ambako sijawahi kufika. Sasa naelewa kwa nini kilikuwa kinatoka namba za kutisha.

Nimefanya. `lstsq` kwa koordineti zilezile imetulia, mabaki ni sentimita. Kutoa wastani kisha mtindo wangu wa zamani: matokeo yaleyale hadi milimita. Vituo viwili nilivyovifuta kwa kudhani ni vibovu nimevirudisha, viko safi.

Bi_Mkufunzi_Nakuru

Basi hapo msiwaambie watu kwamba `X.T @ X` ni haramu. Baada ya kutoa wastani imefanya kazi vizuri, ni ya haraka, na vipimo vya uwandani vina makosa makubwa kuliko hayo yote. Tena kwa data isiyokaa vizuri kwenye uso, yenye mabaki makubwa, swali lenyewe la miraba midogo lina mraba wa namba ya hali ndani yake. Hapo njia nzuri haikuokoi sana.

FundiNamba

Kuhusu mabaki makubwa uko sahihi kabisa, mraba unaingia ukiwa umezidishwa na kiasi data inavyokataa kukaa kwenye uso. Kuhusu `X.T @ X` tutabishana hadi kesho. Mimi siitumii mpaka niwe nimeiona namba ya hali, wewe unaitumia mpaka ikukatalie.

Kijana_wa_Changanyikeni

Swali la pembeni. Nani alifikiria kwanza kulirudisha kosa kwenye data? Maana kwenye notisi tumepewa kama amri tu.

FundiNamba

Walioanza walikuwa na hofu. Mwaka 1943 Harold Hotelling alikadiria kwamba makosa kwenye njia ya Gauss yanaweza kukua mara nne kwa kila mlinganyo unaoongezeka. Kwa milinganyo 18 hiyo ni 4^17, zaidi ya bilioni 17, yaani tarakimu kumi zimekwenda. Mwaka 1946, Maabara ya Taifa ya Fizikia kule Teddington, Uingereza, ikapokea mfumo wa milinganyo 18. James Wilkinson, Alan Turing, Leslie Fox na Goodwin wakautatua kwa mashine za mezani. Walipolirudisha jibu kwenye milinganyo, mabaki yakawa madogo kwa kiwango cha ukadiriaji tu, hakuna mlipuko wowote. Mwaka 1948 Turing akachapisha makala kuhusu makosa ya ukadiriaji, humo ndimo namba ya hali ilipopewa jina. Maelezo kamili ya kurudisha kosa kwenye data yalikomazwa na Wilkinson miaka iliyofuata, na wenye hesabu za makadirio wakaacha kuiogopa njia ya Gauss.

Bi_Mkufunzi_Nakuru

Nimerudi na neno langu la "kila data". Njia ya Gauss yenye kubadilishana safumlalo, ambayo nyote mnaisifu, si thabiti kwa kila data. Chukua matriksi yenye 1 kwenye ulalo, −1 chini yake kote, na 1 kwenye safuwima ya mwisho. Kila hatua inaiongeza safuwima ya mwisho mara mbili, mwishoni una 2^(n − 1). Kwa ukubwa wa 60 hiyo ni 2^59, zaidi ya 5 × 10^17. Imeshamaliza tarakimu 16 zote, na matriksi yenyewe ni tulivu. Mpe b ya desimali za kawaida uone.

Zawadi_K

Nimejaribu na x ya nasibu. Nimetengeneza b kwa kuzidisha, nikatatua, sehemu ya mwanzo ya jibu inafanana, mbele huko imeharibika vibaya. Na hakuna onyo lolote lililotokea! Ila nikaweka matriksi za nasibu za 60, nyingi nyingi, hakuna hata moja iliyofanya hivyo.

FundiNamba

Ndiyo hapo. Wilkinson mwenyewe aliujua mfano huo. Kwa sharti kali la "kila data" Bi Mkufunzi ameshinda. Kwa kazi za kila siku ukuaji huo karibu hauonekani, na watu wanaiita thabiti wakijua wanachokisamehe.

Bi_Mkufunzi_Nakuru

Kwa nini hauonekani? Matriksi za nasibu sawa, lakini za kazi halisi si za nasibu.

FundiNamba

Yapo maelezo ya sehemu kwa za nasibu. Kwa zinazotoka viwandani na maofisini, sijaona hoja inayoniridhisha, na waliobobea kunizidi nao wanalitaja kama deni. Ninachofanya ni kupima mabaki kila mara baada ya kutatua, mstari mmoja wa kodi. Kwa mfano wako wa 60 yangepiga kelele papo hapo.

KodiMtaani

Huo mstari mmoja uweke basi.

FundiNamba

```python
r = b - A @ x
n = np.inf
kosa = np.linalg.norm(r, n) / (np.linalg.norm(A, n)*np.linalg.norm(x, n) + np.linalg.norm(b, n))
```

Imekuwa mitatu. Ikitoka karibu na 1e-16, muulize aliyekupa data. Ikitoka 1e-5, muulize aliyeandika programu.